Maji yametuama uani, majani yamefika kiunoni: namna ya kumwambia mwenye nyumba

Kila masika yakishika, kuanzia mwishoni mwa Machi, naulizwa swali lile lile na wapangaji wenzangu hapa Tanga: "Nimemwambia mwenye nyumba mbu wamezidi, amesema sawa, mwezi umepita. Nifanye nini?" Jibu langu huanzia kwenye hayo maneno "mbu wamezidi". Mwenye nyumba akiyasikia hana cha kushika. Mbu wapo Ngamiani, wapo Chumbageni, wapo hadi Raskazone. Ukimwambia "maji ya kwenye msingi wa chumba kile usichomalizia yana siku saba na yana viluwiluwi", hapo umempa kazi yenye mahali na kipimo, na mtu huweza kumpigia fundi akamwagiza.

Naandika nikiwa mpangaji Makorora, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye ua mmoja, choo kimoja na mwenye nyumba anayeishi Dar es Salaam. Mfano nitakaoutumia ni wa ua wetu.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Upawa au bakuli jeupe. Weupe ni muhimu, maana viluwiluwi havionekani kwenye chombo cheusi.
- Simu yenye kamera, tarehe yake iwe sahihi.
- Futi ya fundi, au kamba uliyoipima.
- Mkataba wako, au risiti ya mwisho ya kodi kama hamkuandikiana mkataba.
- Namba ya mwenye nyumba, na ya msimamizi wake kama yupo.
- Mpangaji mwenzio mmoja aliye tayari kusimama nawe. Usiende peke yako kama mnaishi wengi.

Jambo moja la kuelewa kwanza

Mbu hazaliwi kwenye majani. Anazaliwa kwenye maji. Yai likitagwa majini, kwa joto letu la pwani huchukua siku saba hadi kumi na kitu hivi kupitia kiluwiluwi hadi mbu anayeruka. Kichakani mbu anapumzika mchana, kwenye kivuli na unyevu, akisubiri giza. Tena majani marefu huficha vifuu vya nazi, makopo na matairi yaliyojaa maji.

Nalisema hili kwa sababu nimeona watu wakimsumbua mwenye nyumba afyeke, akafyeka, na mbu wakabaki vile vile kwa kuwa dimbwi halikuguswa. Omba vyote viwili, ila anza na maji.

Hatua

1. Kagua ua wote asubuhi, siku moja baada ya mvua.

Zunguka polepole. Kila penye maji, inama, ingiza upawa taratibu ukiulaza pembeni ili maji ya juu yaingie yenyewe, kisha utulie nusu dakika. Ukiuchovya kwa nguvu viluwiluwi vitazama chini na utadhani hakuna kitu.

Tazama vilivyolala. Vikilala sambamba na uso wa maji kama vijiti vidogo, hao ni mbu wa malaria, na mara nyingi utawakuta kwenye maji masafi yanayopigwa na jua. Vikining'inia kichwa chini mkia juu, ni jamii nyingine: kwenye maji machafu ya karo na choo ni mbu wale wa usiku wanaohusika na matende na mabusha huku kwetu pwani, kwenye ndoo, matairi na vifuu ni mbu wa madoadoa meupe miguuni anayeuma mchana, ndiye wa kidingapopo, ile homa iliyotusumbua Dar es Salaam na Tanga mwaka 2019. Ukiona pia vidude vilivyojikunja kama alama ya mkato, vinavyodunda vikiguswa, basi zimebaki siku moja au mbili wawe mbu.

Kwetu tulikuta sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa msingi wa chumba cha nyongeza ambacho mwenye nyumba alikianza akakiacha: mita 3 kwa mita 3 na nusu, maji ya kina cha sentimita 15, masafi kabisa, jua likiwaka juu yake. Nilichota upawa mara kumi nikahesabu viluwiluwi zaidi ya arobaini, vingi vimelala sambamba na maji. Ya pili ilikuwa karo, mfuniko wake umepasuka pembeni. Ya tatu ilikuwa nyuma ya choo, ambako majani yalikuwa yamenifika kiunoni. Chini yake tukaokota vifuu kumi na saba na tairi moja la pikipiki.

2. Tenganisha yako na ya mwenye nyumba, na ya kwako yamalize kwanza.

Ndoo, madumu, sufuria za nje, vifuu vya nazi mlizokuna wenyewe: hayo ni yenu wapangaji. Mwaga, suuza kwa kusugua ndani, funika. Kusugua ni lazima, kwa kuwa mbu wa kidingapopo hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, na mayai hayo hukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri mvua. Ukimwaga bila kusugua, mayai yanabaki. Pipa la maji ya kutumia lifunikwe kwa kitambaa kilichofungwa kwa mpira, maana mfuniko ulioegeshwa tu haumzuii mbu.

Msingi usiokwisha, karo, mfuniko wa choo, mtaro wa ua, mteremko wa kiwanja na kichaka kilichokuwepo kabla hujahamia ni vya mwenye nyumba. Kama mkataba wako unasema mpangaji ndiye wa usafi wa mazingira, usome vizuri. Kufagia na kufyeka nyasi za mlangoni kunaweza kuwa kwako. Kufukia msingi wa nyumba ya mtu si usafi. Huo ni ujenzi, na huna ruhusa ya kuugusa bila yeye.

Watu wengi huiruka hatua hii, halafu mwenye nyumba anakuja, anaona kwanza ndoo tatu za maji machafu mlangoni kwako, na mazungumzo yameishia hapo.

3. Piga picha mbili zilizopishana siku saba.

Piga dimbwi leo, kisha lipige tena baada ya siku saba ukiwa umesimama pale pale. Weka kitu cha kulinganishia, kwa mfano futi au ufagio. Dimbwi linalokauka ndani ya siku tatu nne halimfikishi mbu ukubwani, kwa hiyo usimsumbue nalo mwenye nyumba. Linalofika siku ya saba ndilo la kulipigania. Piga pia bakuli jeupe lenye viluwiluwi, kwa karibu, kwenye mwanga.

Usipige picha ndani ya vyumba vya wenzio wala usirushe picha za ua kwenye makundi ya mtaa. Mwenye nyumba akiona nyumba yake imeanikwa kabla hajaambiwa, ameshafedheheka, na mtu aliyefedheheka hasikilizi.

4. Zungumza naye kwa mdomo kabla ya kuandika.

Hapa kwetu ukianza na barua umeanza na ugomvi. Piga simu jioni, baada ya Magharibi, mtu akiwa ametulia. Usichanganye na ombi lingine. Kama mwezi huo kodi yako imechelewa, ilipe kwanza au eleza jambo la kodi siku nyingine.

Mimi niliongea hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo mama, mvua tu ndiyo imetushika. Nimekupigia kuhusu ule msingi wa nyuma. Umejaa maji, leo siku ya nane hayajakauka, na ndani mna viluwiluwi. Nina picha zake, naomba nikutumie."

"Si mvua hiyo mwanangu, itaisha."

"Kweli mama, ila masika ndiyo kwanza yana wiki chache, na watoto wa chumba cha kati wawili wameshapimwa wakakutwa na malaria. Naomba tupate namna ya kuyatoa maji, na kile kichaka cha nyuma ya choo kifyekwe. Nikutumie picha uone mwenyewe?"

Alikubali picha. Sikumtaja mwenyekiti wala afisa afya siku hiyo. Hao huwataji kwenye simu ya kwanza. Na usiseme mtoto ameumwa kwa sababu ya dimbwi la mwenye nyumba, maana hilo huwezi kulithibitisha: mbu wa malaria anaweza kuruka kilomita nzima na zaidi. Sema mtoto ameumwa, sema dimbwi lina viluwiluwi, basi.

5. Siku hiyo hiyo, weka mazungumzo kwenye maandishi.

Meseji inatosha. Iwe fupi, na iwe na vitu vinne: mahali, kipimo, kazi unayoiomba, na tarehe. Unaweza kuiga hii:

> Shikamoo mama. Ni mimi mpangaji wako wa chumba cha mbele, Makorora. Kama tulivyoongea leo tarehe 14 Aprili, maeneo ni haya matatu:
> 1. Msingi wa nyuma: maji ya kina cha sentimita 15, yapo tangu tarehe 6. Tunaomba yatolewe na msingi ufukiwe kwa kifusi.
> 2. Karo: mfuniko umepasuka upande wa ukutani. Tunaomba uzibwe kwa saruji.
> 3. Nyuma ya choo: tunaomba kichaka kifyekwe na majani yaondolewe.
> Sisi wapangaji tumeshamwaga na kufunika vyombo vyetu, na tuko tayari kusaidia kufyeka siku utakayopanga. Tunaomba utujulishe kabla ya tarehe 21. Ahsante mama.

Mwisho wa siku saba haukuokotwa tu. Kila wiki inayopita, kizazi kingine cha mbu kinaruka kutoka kwenye lile dimbwi.

Kama yupo msimamizi, mtumie naye meseji ile ile, usimruke. Akijiona amerukwa atakukwamisha hata pale mwenye nyumba aliposhakubali.

6. Kubalianeni kazi na gharama kabla fundi hajashika chepe.

Jibu la kwanza la mwenye nyumba huwa "chota maji mwage". Mwonyeshe hesabu. Msingi wetu wa mita 3 kwa 3 na nusu wenye maji ya sentimita 15 una lita 1,575, sawa na ndoo karibu 79 za lita 20. Mvua ya milimita 20, ambayo masika huweza kushuka kwa usiku mmoja, inarudisha ndoo kumi. Kuchota ni kazi isiyoisha.

Tulilopatana ni hili: kutoboa tofali moja la chini upande kiwanja kinakoteremkia, maji yatoke yenyewe, kisha kumwaga kifusi cha kina cha sentimita 25 na kukishindilia, kwa kuwa kisiposhindiliwa kitatitia na dimbwi litarudi. Hiyo ni kama mita 2 na nusu za ujazo, toroli arobaini na kitu. Hakikisha tundu halielekezi maji kwa jirani, kisimani wala kwenye choo cha shimo.

Akikwambia "fanya wewe, tutakata kwenye kodi", ni sawa, lakini omba akuandikie kiasi na mwezi utakaokatwa, hata kwa meseji moja. Bila maandishi hayo usitoe hela yako. Nimeshuhudia mpangaji akinunua kifusi kwa neno la simu, na mwezi wa kodi ulipofika akadaiwa kamili.

7. Siku ya kazi, fuateni mpangilio.

Toa maji kwanza, ziba karo, halafu fyeka. Ukianza na kufyeka, mbu waliokuwa wamelala kichakani wataingia vyumbani. Fyekeni asubuhi, madirisha yakiwa yamefungwa, na usiku huo kila mtu alale ndani ya chandarua.

Vaa viatu vya kufunika mguu na upige piga kichaka kwa fimbo ndefu kabla ya kuingiza kwanja, nyoka hujificha humo. Fyeka hadi chini kabisa uione ardhi, okota kila kifuu na kopo, kisha majani yapelekwe jalalani. Yakiachwa kwenye rundo yanakuwa kichaka kingine. Kwenye bomba la hewa la choo fungeni wavu wa mbu, hata kipande cha chandarua kuukuu, kikazwe kwa waya.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kumwaga dizeli au oili chafu kwenye dimbwi. Viluwiluwi vitakufa kweli, kwa kuwa vinakosa hewa juu ya maji, lakini visima vyetu vingi ni vifupi na mafuta yanashuka humo humo. Kama dimbwi haliwezi kufukiwa wala kutolewa maji, muulize afisa afya wa kata juu ya dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi. Ipo inayotengenezwa hapa hapa nchini, kiwanda kiko Kibaha.

Kupulizia dawa ya kopo vyumbani ukaona umemaliza. Hiyo inaua mbu wa leo.

Kukata mihogo au migomba ya mwenye nyumba kwa kisingizio cha kufyeka. Ombi lilikuwa kichaka. Mazao ya mtu uliza.

Kuzuia kodi ili kumshinikiza. Kosa linahama kutoka kwake kuja kwako, na mkataba wako ndio utakaovunjika.

Mambo yakikwama

*Hajibu, na tarehe imepita.* Mkumbushe mara moja kwa simu, ukimtajia meseji yako. Siku tatu zikipita kimya, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, wewe na mpangaji mwenzio, mkiwa na picha na meseji. Mwombe ampigie kama mzee mwenzie, kabla ya kitu kingine chochote. Mara nyingi simu hiyo moja inatosha.

*Mwenyekiti ameshindwa.* Nenda ofisi ya kata umwone afisa afya. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa uwezo wa kuingia, kukagua na kumtaka mwenye eneo aondoe kero inayohatarisha afya. Omba aje kukagua, na umweleze wazi yaliyo yenu mmeyamaliza, maana atakagua na ndoo zenu pia. Fahamu kuwa hapa uhusiano wako na mwenye nyumba unaweza kupoa. Kama mkataba wako unaisha mwezi ujao, pima hilo.

*Anasema "hamia kwingine kama hupendi".* Usijibu siku hiyo. Soma mkataba uone notisi ni ya muda gani, na kodi uliyolipa mbele inafika lini. Wapangaji wakiwa wanne watano kwenye ombi moja, neno hilo hulisikia kwa nadra.

*Dimbwi liko kiwanja cha jirani.* Mwenye nyumba wako hana amri huko. Mwombe aongee na jirani, au nenda moja kwa moja kwa mwenyekiti.

*Maji yamerudi baada ya kufukia.* Kifusi kimetitia, au tundu limezibwa na takataka. Ongeza kifusi katikati pawe juu kuliko pembeni.

*Kazi imefanyika na mbu bado wapo.* Subiri wiki mbili hadi tatu, maana mbu waliokwisha kuruka wanaendelea kuishi kwa muda huo. Wakizidi baada ya hapo, rudi na upawa wako hatua ya 1. Wakiuma mchana, tafuta vyombo vidogo ndani ya ua wenu, kwa kuwa mbu huyo haendi mbali na alikozaliwa. Wakiuma usiku na maji yote yamekwisha, angalia karo na bomba la choo. Kwetu, wiki ya pili, tuliwakuta kwenye mfereji wa paa uliozibwa na majani ya mwembe. Kijana wa chumba cha kati alipanda ngazi, akatoa ndoo nzima ya majani yaliyooza, na chini yake maji yalikuwa yanachezacheza viluwiluwi.